Mkakati Ulioshinda Jana Utashinda Kesho?

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Unachukua bei za kufungia za siku 200 zilizopita, unazijumlisha, kisha unagawanya kwa 200. Bei ya leo ikiwa juu ya wastani huo unanunua. Ikishuka chini yake unauza na kukaa na fedha taslimu. Kwa kuwa bei za zamani zimehifadhiwa, mwenye kompyuta anaweza kuijaribu kanuni hiyo kwa miaka 30 iliyopita kabla hajatoa hata shilingi. Lakini jaribio la namna hii hudanganya kwa urahisi, na wa kwanza kudanganyika ni aliyelifanya.

Udanganyifu wa kwanza ni kutumia habari ambazo siku ile hazikuwapo. Tuseme wastani ni 99. Jumatatu hisa ilifunga kwa 98, na Jumanne ikafunga kwa 104. Ishara ya kununua imetoka, lakini imetoka Jumanne jioni, soko likiwa limefungwa. Hesabu iliyoandikwa ovyo humpa mfanyabiashara faida ya kupanda kutoka 98 hadi 104, ilhali yeye angeweza kununua Jumatano tu, pengine kwa 105. Kosa hili halijisahihishi lenyewe. Ishara ya kununua hutoka siku ambayo bei imepanda, na ya kuuza hutoka siku ambayo imeshuka, kwa hiyo karibu kila mara kosa linaongeza faida. Kwa wanaotumia Python, tiba ni neno moja:

```python
wastani = bei.rolling(200).mean()
ishara = (bei > wastani).astype(int)
faida = bei.pct_change() * ishara.shift(2)
```

Ukiandika `shift(1)`, unadai kwamba ulinunua kwa bei ileile ya kufungia iliyotoa ishara. `shift(2)` inakununulia wakati wa kufunga siku inayofuata. Ukiona faida inaporomoka baada ya badiliko hilo, jua kwamba sehemu kubwa ya faida ile haikuwapo tangu mwanzo.

Udanganyifu wa pili ni mgumu kuugundua, kwa sababu hauonekani ndani ya hesabu. Unajaribu siku 200, hupendezwi. Unajaribu 150, kisha 90, kisha 87. Siku 87 zinaleta faida nono, nawe unazitangaza kuwa mkakati. Huo ni mtihani uliovuja: majibu umeyaona, ndipo ukachagua maswali.

Kuna kisa kinachoonyesha jambo hili vizuri. Mwaka 1992 wachumi William Brock, Josef Lakonishok na Blake LeBaron walichapisha utafiti juu ya fahirisi ya Dow Jones ya Marekani tangu 1897 hadi 1986, wakaona kwamba kanuni rahisi za wastani zilikuwa na nguvu ya kutabiri. Mwaka 1999 Ryan Sullivan, Allan Timmermann na Halbert White waliuliza: kanuni hizo zilichaguliwa kutoka miongoni mwa ngapi? Wakapima kanuni 7,846 kwa pamoja. Hata kama zote zingekuwa hazina thamani, kipimo cha kawaida kinachoruhusu kosa moja katika ishirini kingezipitisha karibu 390 kwa bahati tu.

Kanuni bora waliyoipata, wastani wa siku 5, ilistahimili hata baada ya bahati hiyo kutiwa hesabuni. Ila ubora wake haukujirudia katika miaka kumi iliyofuata, 1987 hadi 1996. Tena ilinunua na kuuza takriban mara 63 kwa mwaka, kiasi kwamba gharama ya asilimia 0.27 kwa kila muamala ingetosha kuifuta faida yote.

Kutokana na hayo, jaribio la haki lina utaratibu wake. Andika kanuni yako kabla ya kuona matokeo. Gawa bei sehemu mbili: ya mwanzo utafutie, ya mwisho uifungie kabatini. Ukishapata idadi ya siku unayoitaka, tazama majirani zake. Kama 200 inafanya vizuri, basi 180 na 220 nazo zifanye vizuri kwa kiasi; 87 inayong'aa huku 85 na 90 zikipata hasara ni bahati. Toa ada ya dalali na tofauti ya bei ya kununua na kuuza, kisha linganisha na mtu aliyenunua akatulia, ukimhesabia na magawio yake.

Hatimaye fungua ile sehemu ya kabatini, mara moja tu. Ukishindwa, ukarudi kurekebisha kanuni na kuijaribu tena palepale, sehemu hiyo nayo imeshakuwa ya kutafutia. Kwa hiyo mtu akikuuzia mkakati wenye mchoro wa kuvutia, muulize maswali mawili: alijaribu mingapi kabla ya huu, na umefanyaje kwenye bei ambazo hakuwa ameziona? Akikosa majibu, weka fedha zako mfukoni.