Pua ya Panya Buku: Hujulikanaje Kwamba Inajua?

Panya buku ni mnyama wa usiku, mwenye uzito wa kilo moja au zaidi kidogo, mkia mrefu usio na manyoya, na vifuko mashavuni vya kubebea chakula hadi shimoni. Macho yake ni dhaifu; dunia yake anaijua kwa pua. Wakulima wengi humfahamu kama mwizi wa mihogo na karanga. Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ana kazi nyingine. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens mwaka 1997, limekuwa likimfundisha hapo kunusa baruti ya mabomu ya kutegwa ardhini, na baadaye kunusa kifua kikuu katika makohozi ya binadamu.

Kazi ya mabomu ndiyo iliyompa sifa. Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Kwa mtu anayetaka kuelewa namna watafiti wanavyofikia hitimisho, hata hivyo, makohozi yana mengi zaidi ya kufundisha. Panya akikwaruza ardhi, watu huchimba: bomu lipo au halipo. Akisimama juu ya kikopo cha makohozi, hakuna pa kuchimba. Swali linakuwa gumu zaidi: itajulikanaje kwamba panya anajua?

Mafunzo huanza panya akiwa mchanga wa wiki chache, azoee kwanza mikono ya watu, sauti na mwanga. Kisha hufundishwa kwamba mlio mfupi wa kifaa kidogo cha mkononi una maana moja tu, chakula kinakuja. Chakula chenyewe ni uji mzito wa ndizi na karanga. Mlio ukishashika, hutolewa pale tu panya anapoweka pua juu ya sampuli yenye kifua kikuu na kutulia. Kupita tu hakuhesabiwi. Akitulia kwa sekunde kama tatu hivi, hiyo huhesabiwa kuwa ishara. Muda huo huwekwa kabla ya kazi kuanza, kwa sababu mtu akiruhusiwa kuamua papo hapo kama panya “ametulia vya kutosha”, ataona ishara pale anapoitarajia.

Sampuli hupashwa moto kwanza ili vijidudu vife na wafanyakazi wasiambukizwe, harufu hubaki. Hupangwa katika safu chini ya kizimba kirefu chenye vitundu 10 sakafuni, kila kitundu na kifuniko chake. Panya hupita kitundu hadi kitundu, akimaliza safu moja huwekewa nyingine. Kwa dakika 20 anaweza kunusa sampuli 100, kazi ambayo mtaalamu wa maabara mwenye darubini huifanya kwa siku kadhaa.

Jambo la kwanza la kuondoa ni bahati. Tuseme safu ya vikopo 10 ina kimoja tu chenye ugonjwa, na panya ameruhusiwa kuchagua kimoja. Anayebahatisha atapata mara moja katika kila safu 10. Kupatia safu moja, basi, hakuthibitishi lolote. Kupatia safu mbili mfululizo kwa kubahatisha hutokea mara moja katika 100, na safu tatu mara moja katika 1,000. Ndiyo maana panya hafuzu kwa siku moja nzuri. Hupewa safu nyingi, siku nyingi, na hesabu hufanywa kwa jumla. Idadi ya vikopo vyenye ugonjwa nayo hubadilishwa, pamoja na nafasi zake. La sivyo panya angejifunza kwamba kila safu ina kimoja, na baada ya kukipata asingejisumbua kunusa vilivyobaki.

Bahati ikishaondolewa hubaki jambo lenye hila zaidi: huenda panya anajua kweli, lakini anajua kitu kingine. Kama sampuli zote za wagonjwa zimetoka kliniki moja na za wasio wagonjwa kliniki nyingine, inatosha panya kutambua dawa ya kusafishia sakafu ya kliniki ya kwanza. Kama sampuli za wagonjwa zimekaa kwenye friza miezi na nyingine zimefika jana, atajifunza harufu ya ukongwe. Kila safari atapata alama za juu, na mkufunzi atashangilia panya ambaye hajawahi kunusa kifua kikuu maishani mwake. Kasoro ya namna hii haionekani ndani ya matokeo yenyewe, kwa kuwa matokeo yanapendeza. Huonekana panya anapopelekewa sampuli za mahali papya na ustadi wake ukaporomoka ghafla. Kinga yake ni kuchanganya: kila kliniki itoe sampuli za aina zote mbili, zihifadhiwe pamoja kwa muda uleule, katika vikopo vya aina moja.

Hata hivyo, zipo tofauti zisizoweza kusawazishwa kwa vikopo. Mgonjwa wa kifua kikuu mara nyingi ana vijidudu vingine kifuani. Georgies Mgode wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzake walilichunguza jambo hilo, na mwaka 2012 walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba vijidudu vingine vya njia ya hewa havikuwavuruga panya. Utafiti wa aina hiyo hauna mvuto wa habari za magazetini, lakini bila huo mengine yote yangebaki na shaka.

Harufu si mlango pekee wa udanganyifu. Mwanzoni mwa karne ya 20, mjini Berlin, palikuwa na farasi aliyeitwa Hans, aliyesemekana kujua hesabu: aliulizwa jumla, akagonga kwato mara zinazotakiwa. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst alieleza siri yake. Hans alipatia pale tu muulizaji alipojua jibu. Kwato zilipofikia idadi sahihi, muulizaji alilegea kidogo bila mwenyewe kujua, na farasi akaacha kugonga. Hapakuwa na ulaghai wowote, na hilo ndilo linalotisha. Mkufunzi wa panya buku naye anaweza kuinama, kushusha pumzi au kugusa kifaa chake mapema kidogo panya anapokaribia kitundu chenye ugonjwa. Dawa ni kumnyima mkufunzi jibu. Katika jaribio la kificho sampuli hupangwa na mtu mwingine, mkufunzi aliye kando ya kizimba haijui iliyo na ugonjwa, na ishara za panya huandikwa kabla ya orodha ya majibu kufunuliwa.

Kificho, hata hivyo, huleta tatizo la malipo. Asiyejua jibu hawezi kumlipa panya kwa haki. Akimlipa kila anapotulia, atamfundisha kutulia ovyo. Asipomlipa kabisa, panya ataacha kazi, na hilo hutokea haraka kuliko watu wanavyodhani. Katika kazi ya kila siku, kwa hiyo, kati ya sampuli za wagonjwa wasiojulikana huchomekwa chache ambazo ugonjwa wake umekwisha kuthibitishwa. Panya hulipwa kwa hizo tu. Kwa kuwa hawezi kuzitofautisha na nyingine, hunusa zote kwa bidii ileile. Sampuli hizo zilizochomekwa pia humpima: siku akizipita kadhaa bila kutulia, inajulikana kwamba hayuko sawa, na majibu yake ya siku hiyo hayaaminiki.

Hapo ndipo linapokuja suala la mwamuzi. “Majibu sahihi” ambayo panya hulinganishwa nayo hutoka wapi? Katika kliniki nyingi yalitoka kwa darubini, na darubini huhitaji vijidudu vingi, maelfu kwa kila mililita ya makohozi, ndipo mtaalamu avione. Hukosa wagonjwa wengi. Panya akitulia juu ya kikopo ambacho darubini imesema hakina kitu, kuna maelezo mawili: panya amekosea, au darubini imekosea. Ukimhesabia kosa kila mara, utakuwa umeamua kwa kanuni kwamba mwanafunzi hawezi kumzidi mwalimu. Ukimkubalia kila mara, huna kipimo tena. Njia iliyofuatwa Morogoro ni kuzirudia sampuli hizo zenye ubishi kwa kipimo kingine, na kumhesabu mgonjwa pale tu kipimo hicho kinapothibitisha.

Matokeo ya mwaka 2009 yanaonyesha inavyokuwa. Panya walinusa sampuli za wagonjwa 10,523 waliokwisha kupimwa kwa darubini kliniki. Kliniki zilikuwa zimewakuta na kifua kikuu asilimia 13.3 kati yao, yaani watu 1,400 hivi. Baada ya panya kutoa ishara na sampuli hizo kuthibitishwa upya, walipatikana wagonjwa wengine 620, ongezeko la asilimia 44. Watu hao walikuwa wameambiwa hawana ugonjwa.

Tarakimu hiyo ni kubwa, na bado inastahili kuulizwa swali. Sampuli alizozionyesha panya zilitazamwa mara ya pili. Je, wagonjwa wangapi kati ya 620 wangepatikana kwa huko kutazamwa tena tu, hata kama asingekuwapo panya? Ili kutenganisha sifa ya pua na sifa ya jicho la pili, ingebidi kuchukua kwa kura baadhi ya sampuli ambazo panya alizipita, kuzichanganya na zile alizotulia juu yake, na kumpa mtaalamu azisome zote bila kumwambia ipi ni ipi. Tofauti kati ya mafungu hayo mawili ndiyo mchango wa panya.

Mwisho kuna hesabu ya makosa, nayo hutegemea mahali. Chukua mfano wa kubuni: panya hutambua wagonjwa 8 katika kila 10, na hutulia kimakosa kwa mtu mmoja katika kila 10 wasio wagonjwa. Kati ya watu 1,000 wanaokohoa, 100 wakiwa wagonjwa, ataonyesha 80 wa kweli na 90 wa uongo. Mpeleke yuleyule mahali ambapo wagonjwa ni 10 tu kati ya 1,000: ataonyesha 8 wa kweli na 99 wa uongo. Pua haijabadilika hata kidogo. Waliobadilika ni watu walioko mbele yake. Kutumia panya kadhaa kwa kila sampuli husaidia kwa upande mmoja tu. Ukitaka wawili wakubaliane, makosa hupungua lakini wagonjwa wengine hupotea. Ukitosheka na ishara ya mmoja, ni kinyume chake.

Kwa sababu hiyo panya buku hatoi cheti cha ugonjwa, wala hakuna anayeanzishiwa dawa kwa ishara yake pekee. Kazi yake ni kupunguza rundo: katika mfano wa kwanza mtaalamu husoma sampuli 170 badala ya 1,000, na katika hizo hukuta wagonjwa 80 kati ya 100. Wale 20 waliobaki hawajaonekana, na kwa sababu yao mtu anayeendelea kukohoa zaidi ya wiki mbili bado anapaswa kurudi kliniki, hata kama majibu ya kwanza yalisema hana kitu.