Mfumo Ukisema B+, Karatasi Ikasema A

Matokeo yakitoka, macho hukimbilia herufi ya mwisho. Ikiwa si sapu, wengi hushusha pumzi na kufunga simu. Wachache hurudi nyuma kuuliza herufi hiyo imetokana na hesabu gani, na hapo ndipo kosa moja hupata pa kujificha. Mhadhiri akiandika 17 badala ya 27, mwenye karatasi ataliona kosa papo hapo. Lakini mfumo ukiipa testi moja uzito usio wake, kila alama itaonekana sahihi ukiitazama peke yake. Kilichoharibika ni jumla tu.

Uzito ni ile sehemu ya alama 100 za kozi ambayo kazi fulani inastahili. Vyuo vingi vya Tanzania hugawa hivi: tathmini endelevu 40, mtihani wa mwisho 60. Kenya mgawanyo uliozoeleka ni 30 kwa 70. Ndani ya zile 40 kuna mgawanyo mwingine, nao huandikwa kwenye muhtasari wa kozi unaotolewa mwanzoni mwa muhula. Karatasi hiyo ndiyo mkataba wako, na bila hiyo huna cha kulinganisha na kilichomo kwenye mfumo.

Tuchukue mfano. Muhtasari unasema testi ya kwanza ina uzito wa 15, testi ya pili 15 na asaimenti 10. Zote pamoja ni 40. Testi ya kwanza ilisahihishwa kwa alama 30, ya pili kwa alama 50, asaimenti kwa alama 20. Mwanafunzi wetu amepata 27 kwa 30, 26 kwa 50, na 18 kwa 20. Mfumo unamwonyesha tathmini endelevu ya 28.4. Kwenye mtihani wa mwisho amepata asilimia 67, yaani 40.2 kati ya 60. Jumla inakuwa 68.6, na kwa vyuo ambavyo A huanzia 70, hiyo ni B+.

Sasa apige hesabu mwenyewe. Kanuni ni moja: alama uliyopata, gawa kwa alama kamili ya kazi hiyo, zidisha kwa uzito wake. Kwenye Excel, au jedwali lolote la simu, inaandikwa hivi:

```
=27/30*15+26/50*15+18/20*10
```

Testi ya kwanza inampa 13.5, ya pili 7.8, asaimenti 9. Jumla ni 30.3, si 28.4. Akiongeza 40.2 za mtihani anafika 70.5. Hiyo ni A.

Wengi wakifika hapa hukimbilia ofisini kusema “mfumo umeniibia alama”. Ni mapema mno. Mhadhiri mwenye wanafunzi mia tatu atakuuliza umeibiwa wapi, na “sijui” haimsaidii. Tofauti ni 1.9, na tofauti hiyo yenyewe inaweza kukuonyesha ilikotoka ukiifuatilia.

Njia ni kubahatisha kwa utaratibu: rudia hesabu kwa kila kosa linalowezekana, uone lipi linazaa namba ileile ya mfumo. Labda kazi zote tatu zimepewa uzito sawa? Asilimia zake ni 90, 52 na 90; wastani wake ni 77.3, na kwa 40 ni 30.9. Hapana. Labda uzito wa testi ya pili na wa asaimenti vimebadilishana? Hiyo inatoa 32.2. Hapana tena. Labda mfumo umejumlisha alama ghafi bila kujali muhtasari? 27 na 26 na 18 ni 71, kati ya 100. Asilimia 71 ya 40 ni 28.4. Namba ileile, hadi desimali yake. Kosa limekamatwa.

Si ajabu kulikuta. Vyuo vingi vya Afrika Mashariki hutumia Moodle kwa masomo ya mtandaoni, na tangu toleo la 2.8 njia yake ya kawaida ya kujumlisha ni ile inayoitwa Natural. Mhadhiri asipoweka uzito kwa mkono, kila kazi huhesabiwa kwa ukubwa wa alama zake kamili. Testi ya alama 50 inakuwa nzito kuliko ya alama 30, hata kama muhtasari unasema zilingane. Kwenye ripoti ya mwanafunzi tafuta safu ya “Calculated weight”. Mwanafunzi wetu angekuta asilimia 30, 50 na 20, ilhali 15, 15 na 10 kati ya 40 ni asilimia 37.5, 37.5 na 25. Mhadhiri anaweza kuificha safu hiyo. Ikifichwa, ile njia ya kubahatisha ndiyo inayobaki.

Tazama sasa 1.9 ilivyozaliwa. Testi ya pili ilistahili 15 kati ya 40, ikapewa 20. Pointi tano za uzito zimetoka kwenye kazi alizofanya kwa asilimia 90, zikahamia kwenye kazi aliyofanya kwa asilimia 52. Pengo ni asilimia 38, na 38 kwa mia ya 5 ni 1.9. Kwa hiyo kosa la uzito humuumiza au kumnufaisha mtu kadiri alama zake zinavyotofautiana kati ya kazi na kazi. Aliyepata asilimia 70 kila mahali atasoma 28 kwa hesabu zote mbili. Ndiyo maana rafiki akikwambia “mbona zangu ziko sawa”, hajathibitisha chochote. Na aliyefanya vizuri zaidi testi ya pili amepewa zawadi asiyoijua. Kosa likirekebishwa, zake zitashuka. Jiandae kwa lawama za darasani.

Kuna mambo mawili yanayofanana na kosa la uzito lakini siyo. La kwanza ni nafasi tupu. Katikati ya muhula, Moodle kwa kawaida huacha kuhesabu kazi ambazo hazijaingizwa alama, hivyo jumla huonekana nono. Mhadhiri akiondoa alama ya tiki pale, nafasi tupu huwa sifuri na jumla huporomoka. Usilinganishe chochote kabla alama zote hazijaingia. La pili ni ukadiriaji wa desimali. Tofauti ya 0.1 au 0.3 mara nyingi ni mfumo kukata desimali, na kwa hiyo peke yake usimsumbue mtu, isipokuwa ikiwa uko kwenye 69.8.

Ukienda kwa mhadhiri, peleka ukurasa mmoja: picha ya muhtasari, picha ya skrini, hesabu yako, na sentensi moja inayosema “nikijumlisha alama ghafi ninapata 28.4 ya mfumo. Nikifuata muhtasari ninapata 30.3”. Muulize pia kama uzito ulibadilishwa muhula ukiendelea, kwa sababu hutokea, na tangazo huenda lilikupita. Usijaze fomu ya kuomba karatasi isahihishwe upya. Hiyo ni njia nyingine, mara nyingi ina ada, nayo inagusa alama za karatasi ambazo hapa hazina ubishi. Unachoomba ni uzito urekebishwe, na mhadhiri akiubadilisha mara moja, mfumo huhesabu upya darasa zima. Nenda kabla matokeo hayajapitishwa na bodi, maana yakishapitishwa mhadhiri hawezi kuyabadili peke yake.