Anayesoma Peke Yake Ajipigie Kengele

Katika shule, kengele humsaidia mwanafunzi kuliko anavyodhani. Humwambia saa ya kuanza, saa ya kukoma na siku ya kumpa mwalimu daftari. Lakini mtu mzima anayejisomesha nyumbani ili afanye Mtihani wa Serikali, ule uliowekwa katika Kongo tangu 1967, hana kengele. Mbele yake iko tarehe moja tu, nayo yaonekana mbali.

Jirani yetu mmoja, seremala na baba wa watoto wanne, alishindwa mara ya kwanza kwa sababu hiyo. Alisoma kila usiku, lakini alirudia sura za kwanza alizokwisha kuzifahamu. Daftari lake lilikuwa safi sana, na nusu ya kitabu cha hesabu haikufunguliwa. Hiyo ndiyo dalili ya hatari: taa huwaka kila usiku, lakini ukurasa hausogei.

Mwaka uliofuata tuliketi naye, tukahesabu kutoka mwisho kurudi nyuma. Tulianza na mtihani wa awali, kwa maana wanaojisomesha hupimwa kwanza kabla ya kuingia na wengine. Yalikuwako majuma 30, na masomo 96. Tuliweka masomo 4 kwa juma, yaishe katika majuma 24. Majuma 6 tukayaacha matupu kwa ajili ya homa, matanga na kazi za haraka.

Wala hatukuandika «kusoma saa mbili», kwa maana saa hupita hata mtu akisinzia. Tuliandika kazi inayoonekana: kukifunga kitabu na kufanya mazoezi kumi ya somo lile pasipo kutazama majibu. Jumatatu hata Alhamisi, somo moja kila usiku; Ijumaa, kusahihisha makosa.

Lakini tarehe aliyojiwekea mtu, yeye mwenyewe huisamehe. Basi alikubali kupeleka karatasi zake kila Jumamosi asubuhi kwa mwalimu mzee akaaye njiani kwenda sokoni. Mzee hakufundisha. Alipokea, akaandika tarehe, na zisipofika aliuliza, «Mwanangu, karatasi ziko wapi?» Swali hilo lilitosha.

Mtoto wake alipougua, majuma mawili yalipotea. Baba alitaka kufanya masomo 12 katika juma moja. Tulimkataza, maana mwenye kubeba deni lote mara moja hulikosa na Jumamosi ijayo, kisha huona aibu kupita kwa mzee. Tulitoa majuma mawili katika yale 6, akaendelea na masomo 4 kama kwanza.

Akiba hiyo nayo ina mpaka. Ikiisha kabla masomo hayajafika nusu, ndipo mpango ni mzito kuliko mtu. Hapo afadhali kungoja mtihani wa mwaka ujao, na kupanga masomo 2 kwa juma, kuliko kujidanganya kwa tarehe ambazo hakuna azishikaye.