Mpango wa Mauzo Una Fedha Nyuma Yake?

Kampuni inaweza kufilisika huku ikipata faida na mauzo yakipanda kila mwezi. Wengi hushangaa wakisikia hivyo, ilhali sababu yake ni nyepesi. Anayetaka kuuza unga mwingi zaidi lazima kwanza anunue mahindi mengi zaidi, ajaze ghala, kisha awasubiri wateja wengi zaidi waliochukua mzigo kwa mali kauli. Fedha hutoka leo, malipo huja baadaye. Kadiri mauzo yanavyokua kwa kasi, ndivyo pengo hilo linavyopanuka, na faida ya mwaka mmoja huenda isitoshe kuliziba.

Mwaka 1977 Robert Higgins, mwalimu wa fedha katika Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani, alichapisha makala iliyouliza kampuni inamudu kukua kwa kiasi gani. Jibu lake ni kipimo kinachoitwa kasi endelevu ya ukuaji. Hiyo ni kasi ya juu kabisa ambayo mauzo yanaweza kukua kwa mwaka bila wamiliki kuongeza mtaji mpya mfukoni mwao, na bila deni kuwa zito zaidi likilinganishwa na mtaji wao.

Hesabu yake ina namba mbili tu. Ya kwanza ni faida kwa mtaji, yaani faida baada ya kodi ikigawanywa kwa mtaji wa wamiliki uliokuwepo mwanzoni mwa mwaka. Ya pili ni sehemu ya faida inayobaki ndani ya kampuni baada ya wamiliki kuchukua gawio lao. Ukizizidisha namba hizo mbili, umepata kasi yako.

Tuchukue mfano wa kampuni ya kusaga sembe mkoani Dodoma, inayonunua mahindi soko la Kibaigwa na kuuza unga kwa maduka ya jumla na shule za bweni. Mwanzoni mwa mwaka ilikuwa na mali za shilingi milioni 600: mashine, lori, mahindi ghalani na fedha ilizowadai wateja. Nusu ya mali hizo, milioni 300, ilikuwa mtaji wa wamiliki; nusu nyingine ilikuwa deni la benki na la wauza mahindi. Mwaka huo iliuza unga wa milioni 1,200 na kupata faida ya milioni 60 baada ya kodi. Wamiliki walichukua gawio la milioni 24, wakaacha milioni 36.

Faida kwa mtaji ni 60 kwa 300, yaani asilimia 20. Sehemu iliyobaki ni 36 kwa 60, yaani asilimia 60. Basi:

20% × 60% = 12%

Tazama kinachotokea ndani ya namba hiyo. Milioni 36 zilizobaki zimeukuza mtaji kutoka 300 hadi 336, ambalo ni ongezeko la asilimia 12. Benki inayokubali kuikopesha kampuni shilingi moja kwa kila shilingi ya mtaji sasa inaweza kuruhusu deni nalo lifike milioni 336. Mali zinafika milioni 672. Ikiwa kila shilingi ya mali inaendelea kuzaa mauzo yale yale, mauzo nayo yanaweza kukua kwa asilimia 12. Mtaji, deni, mali na mauzo vinapanda pamoja, na hakuna kinachokitangulia kingine.

Sasa meneja mauzo anakuja na mpango wa mwaka unaofuata: mauzo yapande kwa asilimia 30, kutoka milioni 1,200 hadi 1,560. Wateja wapo, na shule mpya zimeshaomba bei. Je, mpango huo una fedha?

Tuupime. Mali zikikua sambamba na mauzo, zitahitajika milioni 873.6. Faida ya asilimia 5 ya mauzo itakuwa milioni 78, na asilimia 60 yake, milioni 46.8, itabaki. Mtaji utafika milioni 382.8. Benki ikishikilia masharti yake ya shilingi kwa shilingi, deni nalo litaishia milioni 382.8. Jumla ni milioni 765.6. Zinapungua milioni 108.

Hilo ndilo jibu ambalo bodi inapaswa kuliona kabla ya kupiga kura. Mpango wa asilimia 30 umebeba ndani yake ombi la milioni 108 ambalo hakuna aliyeliandika. Zisipotafutwa mapema, zitajitafuta zenyewe, na kwa kawaida huzipata kwa wauza mahindi wanaocheleweshewa malipo.

Njia ya kwanza inayowajia wamiliki ni kuacha gawio. Wakiacha faida yote, mtaji utakuwa milioni 414, na deni la kiasi hicho hicho litaleta jumla ya milioni 828. Bado zinapungua milioni 45.6. Kwa hiyo hata wakijinyima kabisa, hawafiki.

Njia ya pili ni kukopa zaidi. Tuseme benki inakubali kutoa milioni 108 za nyongeza kwa riba ya asilimia 16. Riba hiyo ni milioni 17.3 kwa mwaka. Kwa kuwa riba hupunguza faida inayotozwa kodi ya kampuni ya asilimia 30, mzigo halisi ni kama milioni 12. Faida ya milioni 78 inashuka hadi 66, na kinachobaki kukuza mtaji kinapungua vilevile. Deni sasa ni shilingi 1.28 kwa kila shilingi ya mtaji. Mpango wa asilimia 30 ukirudiwa mwaka wa pili, hata tukiisahau riba ya nyongeza, deni linafika 1.56, na mwaka wa tatu 1.82. Kampuni haijafanya kosa lolote sokoni, lakini kila mwaka inasogea karibu zaidi na siku ambayo afisa mikopo atasema basi.

Njia ya tatu ndiyo ambayo wengi huipita, nayo mara nyingi ndiyo bora: kuzifanya mali zile zile zizae mauzo zaidi. Tuseme wateja wa kampuni hii hulipa baada ya siku 60. Kwa mauzo ya milioni 1,560 kwa mwaka, kila siku moja ya kusubiri inafungia fedha kiasi cha milioni 4.27 mikononi mwa wateja. Wakilipa kwa siku 35 badala ya 60, zinafunguka karibu milioni 107. Hizo ni takribani pengo lote. Kinachohitajika ni ankara kutoka siku mzigo unaposhushwa, mtu wa kufuatilia madeni kila wiki, na msimamo wa kutompakilia mteja mzigo mpya kabla hajalipa wa zamani. Bila shaka wapo watakaohamia kwa msagaji mwingine mwenye subira zaidi, na hilo lihesabiwe: ukuaji wa asilimia 22 unaolipwa kwa wakati una thamani kuliko wa asilimia 30 uliolala kwenye madaftari ya wadaiwa.

Zipo njia nyingine mbili, kupandisha faida kwa kila kiroba na kumwingiza mwanahisa mpya. Ya kwanza ni ngumu katika soko la unga lenye ushindani wa bei. Ya pili inawezekana, lakini inawagharimu wamiliki sehemu ya kampuni yao, na mazungumzo yake huchukua miezi.

Kipimo hiki kina mipaka yake, na anayekitumia lazima aijue. Kinadhani kila mali hukua sambamba na mauzo. Mashine ya kusaga iliyokuwa ikifanya kazi zamu moja inaweza kuongezewa zamu ya pili bila kununuliwa nyingine, na hapo pengo halisi ni dogo kuliko hesabu inavyosema. Kwa upande mwingine, mizania hupigwa picha siku moja tu ya mwaka. Msagaji anayenunua mahindi ya miezi mingi wakati wa mavuno anahitaji fedha nyingi zaidi katikati ya mwaka kuliko Desemba, ghala linapokuwa limepungua. Mpango unaopita kwa mizania ya Desemba unaweza kukwama Julai. Dawa yake ni kuongeza jedwali la mtiririko wa fedha, mwezi kwa mwezi.

Bei nazo zina ujanja wake. Mahindi yakipanda kwa asilimia 20, tani zile zile zitahitaji fedha zaidi kwa asilimia 20. Bei ya unga ikifuata, madeni ya wateja nayo yatavimba. Kampuni inaweza kuimaliza kasi yake yote ya asilimia 12 bila kuongeza hata kiroba kimoja.

Tahadhari nyingine iko kwenye faida kwa mtaji yenyewe. Asilimia 20 ya kampuni yetu imetokana na mambo matatu: faida ya asilimia 5 ya mauzo, mali zinazozaa mauzo mara 2 ya thamani yake, na mali ambazo ni mara 2 ya mtaji. Zidisha 5 kwa 2 kwa 2. Kampuni nyingine inaweza kupata asilimia 20 hiyo hiyo kwa faida ya asilimia 2.5 na deni kubwa mno. Kipimo kitaipa kasi ile ile, ingawa msimu mmoja mbaya unatosha kuiangusha. Ndiyo maana namba hii isisomwe peke yake. Uliza kwanza imetokana na nini.

Na mtu wa nje atatambuaje kampuni inayokua kupita uwezo wake? Dalili huonekana mapema. Wauza bidhaa waliokuwa wakilipwa kwa siku 30 sasa wanalipwa kwa 75. Ovadrafti iliyokuwa ikishuka hadi sifuri kila baada ya msimu haishuki tena. Makato ya wafanyakazi yanachelewa kufika NSSF. Nakumatt, iliyokuwa mtandao mkubwa kabisa wa maduka makubwa nchini Kenya na yenye matawi Uganda, Rwanda na Tanzania, ilifikia mahali rafu zikawa tupu kwa sababu wasambazaji waliokuwa wakiidai waliacha kuleta bidhaa. Januari 2018 iliwekwa chini ya msimamizi, na mwaka 2020 wadai wakapiga kura ya kuifunga. Upanuzi ulikuwa umeonekana na kila mtu. Madeni yaliyoubeba hayakuonekana hadi rafu zilipobaki tupu.

Kwa hiyo mpango wa mauzo unapoletwa mezani, uwe wa kampuni, wa SAKOSI yenye duka au wa kiwanda cha familia, wajumbe wadai karatasi moja ya ziada. Iandikwe juu yake faida kwa mtaji, sehemu ya faida inayobaki, na kasi inayotokana na hizo mbili. Kasi ya mpango ikizidi hiyo, pengo liandikwe kwa shilingi, na pembeni yake jina la mahali fedha zitakapotoka. Mpango usio na mstari huo usipitishwe.