Hotuba ya kumuaga dereva wa ofisi

Mfanyakazi akifariki, ofisi hupewa nafasi ya kusema neno msibani, ama siku ya mazishi ama kwenye hitima. Katika misiba mingi ya Tanzania, familia husoma wasifu wa marehemu: alizaliwa lini, alisoma wapi, ameacha watoto wangapi. Ofisi haina haja ya kuyarudia hayo. Kazi yake ni kueleza upande ambao familia haikuuona, yaani marehemu alivyokuwa akiwa kwenye usukani.

Maandalizi huanza kwa kuuliza watu. Mlinzi wa getini anajua dereva aliingia saa ngapi na alianza kukagua nini. Fundi wa gereji anajua alivyolitunza gari. Daftari la safari nalo huonyesha alikokwenda, kilometa za kuondoka na kurudi, na mafuta aliyojaza. Ukurasa ukionyesha kwamba alilala Iringa wakati wenzake walitaka kufika Dar es Salaam usiku huo huo, aulizwe aliyekuwa naye garini.

Majibu ya namna hiyo ndiyo yanayochukua nafasi ya sentensi kama "alikuwa mchapakazi" au "ameacha pengo lisilozibika", ambazo zinaweza kusomwa kwenye jeneza la mtu yeyote. Mfano wa dereva wa safari za nyanda za juu kusini unaweza kuandikwa hivi:

"Tukirudi kutoka Iringa, Mzee alishusha gia kabla mteremko wa Kitonga haujaanza. Wenye haraka tulimwambia aachie gari. Alitujibu kwamba breki ikishapata moto haisikii cheo cha mtu. Tulimnunia, na tulifika."

Hapo hakuna sifa hata moja iliyotajwa, lakini msikilizaji amesikia uangalifu wake, ucheshi wake na msimamo wake mbele ya wakubwa. Waliosafiri naye watatikisa kichwa, kwa sababu wanamtambua. Visa viwili vya aina hiyo vinatosha kwa hotuba ya dakika tatu.

Yapo ya kuachwa. Dereva husikia mengi yanayosemwa kiti cha nyuma, na siri alizozitunza akiwa hai hazifai kutolewa msibani. Ajali, madeni na maradhi yake pia si vya kipaza sauti. Mafao yasitajwe kama hayajaamuliwa, kwa kuwa familia itayashika maneno hayo kama ahadi. Kichekesho kinaruhusiwa iwapo mjane naye anaweza kukicheka.

Kabla ya kusomwa, hotuba ionyeshwe kwa msemaji wa familia, ambaye atasahihisha jina na kuondoa lisilofaa. Baada ya mazishi, nakala safi ikabidhiwe kwa watoto wa marehemu.