Matone Mawili Juu ya Chumvi

Gramu 84 za potasiamu ayodeti zinatosha kutia madini joto kwenye tani nzima ya chumvi, kwa kiwango cha miligramu 50 kwa kila kilo. Ni unga mweupe usiozidi kiganja kimoja, na unatakiwa kuenea sawasawa katika magunia ishirini ya kilo hamsini hamsini. Kiwanda kikubwa huuyeyusha katika maji, pampu ikaunyunyiza bila kukatika juu ya chumvi inayopita kwenye mkanda. Mzalishaji mdogo kwenye shamba la chumvi humwaga chumvi kwenye turubai, akainyunyizia kwa bomba la mgongoni, kisha akaigeuza kwa koleo. Mkono ukichoka, upande mmoja wa lundo hupata dozi maradufu na upande mwingine hukosa kabisa.

Ndiyo sababu mfuko ulioandikwa kuwa una madini joto unaweza kusema kweli na bado ukakupunja. Wala kukaa karibu na bahari si kinga. Utafiti wa Unguja na Pemba uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta rovu kwa watoto wa shule katika visiwa vyote viwili, na Pemba, ambako chumvi yenye madini joto ilikuwa adimu majumbani, hali ilikuwa mbaya zaidi. Maji ya bahari yakikaushwa juani huacha chumvi yenye madini joto kidogo mno, hata kama wenyeji wanakula samaki.

Kipimo cha nyumbani ni kichupa kidogo chenye maji ya wanga, tindikali kidogo na chumvichumvi ya iodidi. Tindikali huifanya ayodeti iliyomo kwenye chumvi igeuke kuwa iodini, na iodini ikigusa wanga huleta rangi ya buluu inayokaribia zambarau. Maofisa lishe wa wilaya na maofisa afya wa kata ndio watu wa kuwaulizia kichupa hicho. Jaza kijiko kidogo kwa chumvi, sawazisha uso wake, dondosha matone mawili, na linganisha rangi na kadi ndani ya dakika moja.

Tuseme nyumba ya Wete ina mfuko wa nusu kilo wa chumvi laini, pamoja na chumvi ya mawe iliyopimwa kwa kopo kutoka gunia la sokoni. Ile laini inageuka buluu iliyokolea mara moja. Ya mawe isijaribiwe mara moja tu: chukua juu, katikati na chini, uisage kidogo kila fungu. Tuseme juu inabaki nyeupe, katikati inabaki nyeupe, na chini inatoa buluu hafifu. Kabla ya kuihukumu, tumia kichupa cha pili cha kurudia: dondosha hadi matone matano kwenye sehemu nyeupe, kisha matone mawili ya kile cha kwanza papo hapo. Chumvi yenye chokaa au kitu kingine cha kuizuia isigande huimeza tindikali ya kipimo na kuficha madini joto. Tukikuta sehemu ya katikati imegeuka buluu na ya juu bado nyeupe, maana yake madini joto yapo ila hayakuenea, au unyevunyevu umeyashusha chini ya gunia. Nyumba hiyo ipike kwa chumvi ya mfuko.

Usikisukume kipimo hiki zaidi ya uwezo wake. Kinajua kuwepo na kutokuwepo. Kiasi hukikisia tu. Rangi ya kadi inayosema zaidi ya miligramu 15 kwa kilo, ambazo ndizo kima cha chini cha nyumbani, haitofautishi 20 na 50. Tofauti hiyo si ndogo: mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, na gramu tano za chumvi zenye miligramu 15 kwa kilo humpa nusu yake tu. (Dawa yake si kuongeza chumvi kwenye mchuzi.) Idadi kamili hutoka maabara pekee. Tena chumvi iliyotiwa iodidi badala ya ayodeti, kama ile ya Marekani, haitabadilika rangi hata ikiwa imetiwa madini joto ipasavyo. Na ile mbinu ya kupima chumvi kwa kiazi na limau siiamini: vitamini C ya limau huweza kuifuta iodini kabla ya rangi kuonekana.

Kwa hiyo chapa ya kuaminika ni ile isiyobadilika. Nunua mifuko miwili ya chapa moja yenye namba tofauti za toleo, madukani tofauti, uipime yote. Mfuko uwe wa plastiki uliofungwa kwa joto, wenye jina na anwani ya mzalishaji, namba ya toleo, tarehe, neno ayodeti au KIO3, na alama ya ubora ya TBS, ZBS au KEBS. Chumvi ya waridi ya bei kubwa haina madini joto ya kutegemewa kama haikuandikwa kuwa imetiwa. Ukifika nyumbani, iweke kwenye kopo kavu lenye kifuniko, mbali na mvuke wa jiko. Mfuko ukishindwa kipimo hata baada ya kichupa cha kurudia, usiutupe: mpelekee ofisa afya ukiwa na namba yake ya toleo, kwa maana bila namba hiyo hakuna wa kufuatilia ni lundo lipi lililokosa dozi.