Runinga Kubwa Husafirishwa Ikiwa Imesimama

Wabebaji wengi wakipewa runinga ya inchi 55, huilaza kwenye Kirikuu juu ya godoro, kioo kikitazama juu. Inaonekana imetulia, lakini hapo ndipo nyingi huharibika. Kioo chake ni chembamba sana na kimeshikiliwa pembeni tu, katikati hakuna cha kukiegemeza. Ikilazwa, kila tuta la barabarani hukifanya kinepe. Mtu akiongeza mto tu juu yake, kazi imekwisha. Kibaya zaidi, ufa huwa ndani: ukipapasa kwa kidole kioo ni laini kabisa, lakini ukiwasha unakuta mistari na doa jeusi lililosambaa.

Kwa hiyo isafiri imesimama, kama inavyokaa sebuleni. Kabla ya kuing'oa, iwashe uone picha ni nzima, kisha chomoa nyaya zote.

Miguu ya stendi lazima itoke. Ikibaki, uzito wote hutua kwenye tundu chache za skrubu, na mtikisiko mmoja huweza kupasua plastiki. Tandika blanketi juu ya meza imara iliyo kubwa kuliko kioo, ulaze runinga kifudifudi, miguu ikining'inia nje ya ukingo. Usitumie kitanda chenye godoro laini, kwa sababu hubonyea na kukipinda kioo. Fungua skrubu kwa bisibisi inayoenea vizuri, andika kwenye kila mguu kama ni wa kulia au wa kushoto, halafu skrubu zote zitie kwenye mfuko mdogo uufunge kwenye mguu mmojawapo. Zikipotea, usibahatishe nyingine: skrubu ndefu mno inaweza kugusa vyombo vya ndani. Miguu yenyewe ifungashe peke yake, isiwekwe karibu na kioo.

Boksi la kiwandani likiwapo pamoja na vizuizi vyake vyeupe, hakuna kinachokishinda. Kama ulishalitupa, funika runinga kwa shuka safi, kisha blanketi, halafu kipande cha boksi gumu kila upande. Kamba ipite kwenye kingo, isikaze katikati, na solotepu isiguse kioo.

Runinga ya inchi 55 ina upana wa sentimita 123 hivi. Uzito wake mtu mmoja anaumudu, ukubwa ndio unaomshinda, kwa hiyo ibebwe na wawili. Kila mmoja aweke mkono mmoja chini na mwingine ubavuni, kioo kikitazama mbali na vifua vyao, vidole gumba visikibonyeze. Kwenye gari, isimamishe kati ya ubavu wa gari na godoro lililosimamishwa pia, kisha ifunge isiyumbe. Kiti au jiko visiielekee.

Mkifika, rudisha miguu na uiwashe wabebaji wakiwa bado wapo. Kioo kikishapasuka hakiungwi, na bei ya kukibadilisha mara nyingi hukaribia ile ya runinga mpya.